Alikuwa Chotara, Sasa Siye Tena

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja na mvua hii. Mwenyekiti amenipa saa moja, ila mimi ni mwalimu wa historia, na mnajua saa moja ya mwalimu wa historia ina urefu gani. Nitajitahidi.

Naanza na kisa. Mwaka 1809 kijana wa Kiingereza aitwaye Henry Koster alishuka melini Pernambuco, kaskazini-mashariki mwa Brazili, akitafuta hewa ya joto kwa sababu ya afya yake. Akapapenda, akakodi shamba la miwa, akaandika mengi aliyoyaona. Siku moja alikuwa akiongea na mtu wake wa kazi, mtu mwenye damu ya Kiafrika, akamwuliza habari za kapteni mkuu wa wilaya, yaani afisa wa juu wa wanamgambo. "Bwana yule si chotara?" Yule mtu akamjibu kwamba alikuwa chotara, lakini sasa siye tena. Koster hakuelewa, akataka afafanuliwe. Akajibiwa kwa swali: Bwana, inawezekanaje kapteni mkuu awe chotara?

Neno chotara mtanisamehe. Kwetu lina ukakasi wake, na lile la Kireno alilolitumia mtu wa Koster linao vilevile. Nalitumia kwa sababu ndilo linalofikisha maana.

Tuliangalie jibu lile polepole. Msemaji hakuwa kipofu. Nywele za kapteni alikuwa anaziona, na huenda hata mama yake alimjua. Hakusema kwamba watu wameficha ukoo wa bwana yule. Alichosema ni kwamba rangi ya mtu haikai katika ukoo peke yake. Inakaa pia katika cheo, mavazi, farasi, na namna watu wanavyosimama akipita. Kapteni alipopanda cheo, rangi ilipanda naye. Hilo ndilo nimekuja kulieleza jioni hii: Brazili imefikaje kumsoma mtu kwa anavyoonekana na alivyo navyo, wakati Marekani, iliyokuwa na watumwa na mashamba kama yeye, ilimsoma kwa bibi wa bibi yake.

Turuke miaka 150. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marvin Harris, Mmarekani aliyesomea mambo ya jamii na tamaduni, pamoja na mwanafunzi wake Conrad Kottak, walikwenda Arembepe, kijiji cha wavuvi katika pwani ya Bahia. Wakachukua picha za dada watatu wa baba mmoja na mama mmoja, wakawaonyesha watu 100: huyu ni wa aina gani, na huyu, na huyu? Kama nasaba ndiyo inayoamua, jibu lingekuwa moja mara tatu, maana hao ni wa tumbo moja. Katika watu 100, sita tu waliwapa dada wote watatu jina moja. Wengine wakawagawa, na wapo waliompa kila mmoja jina lake.

Baadaye Harris akaongeza hesabu. Akachorewa sura: ngozi za aina tatu, nywele za aina tatu, pua mbili, midomo miwili, na mwanamume au mwanamke. Zidisheni wenyewe, mtapata sura 72. Akazipeleka kwa Wabrazili 100 wa mahali mbalimbali. Akarudi na majina 492. Na hili hapa ndilo la kushika: watu hawakukubaliana. Sura aliyoiita huyu kwa jina moja, jirani yake aliiita kwa lingine, na hakuna aliyeona kwamba kuna jambo la kugombania.

Mwaka 1976 shirika la takwimu la taifa, IBGE, lilijaribu kitu cha namna hiyo kwa nchi nzima. Wakati mwingine huwasomea watu orodha fupi wachague. Safari hii waliwaacha waseme wenyewe: rangi yako ni ipi? Yakaja majina zaidi ya 130. Kuna aliyesema maziwa na kahawa. Kuna aliyesema mdalasini, na aliyesema ameungua na jua. Kuna aliyesema kwamba anaelekea weupe, kama mtu anayekwambia basi lake linaelekea Morogoro. Na kuna aliyejibu "rangi ya punda anapokimbia", ambalo kwa Kireno ni neno la kejeli la rangi isiyoelezeka. Watu hupenda sana kuyataja hayo 130 na kucheka. Mimi nawatahadharisha kidogo: mengi yalitajwa na wachache mno, na sehemu kubwa ya watu walitosheka na majina machache. Lililotia fora miongoni mwa yale yasiyokuwamo katika orodha ya serikali ni moreno.

Moreno ni neno la ajabu. Mzungu mwenye nywele nyeusi ni moreno. Mtu mweusi kama mimi naye, kwa adabu, ni moreno. Nilipokaa Salvador, mji mkuu wa Bahia, kwa masomo, mama mwenye nyumba alinitambulisha kwa wageni wake miezi mitatu kwamba mimi ni "yule kijana moreno kutoka Afrika". Siku moja nikamwambia, mama, mimi ni mweusi, tena Mzigua wa Handeni, usiogope. Akashtuka, akanishika mkono, akasema, "Hapana mwanangu, wewe si hivyo, wewe ni mtu wa kusoma." Alikuwa ananitetea. Hapo ndipo nilipomwelewa yule kapteni mkuu.

Mwanasosholojia wa Brazili Oracy Nogueira aliliweka jambo hili vizuri katika miaka ya 1950, na mpaka leo sijaona aliyemzidi. Alisema kuna ubaguzi wa alama na kuna ubaguzi wa asili. Ubaguzi wa alama humtazama mtu: ngozi, nywele, pua, halafu namna anavyoongea na kuvaa. Alama ikififia, ubaguzi unalegea, na ikikolea, unakaza. Ubaguzi wa asili humwuliza mtu ametoka kwa nani. Hata awe mweupe kama karatasi, nyaraka zikionyesha tone, basi.

Mfano wa huo wa pili ni Homer Plessy wa New Orleans. Katika wahenga wake wanane wa kizazi cha babu-wazaa-babu, mmoja tu ndiye aliyehesabiwa kuwa Mwafrika. Alipopanda behewa la weupe mwaka 1892 ilibidi ajitaje mwenyewe ndipo akamatwe, maana kwa macho hakuna ambaye angemtoa. Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu dhidi yake mwaka 1896. Mwaka 1924 jimbo la Virginia likapitisha sheria kwamba mweupe ni yule asiye na chembe yoyote ya damu isiyo nyeupe, isipokuwa nafasi ndogo iliyoachwa kwa damu ya Wahindi Wekundu, kwa kuwa familia kadhaa kubwa za jimbo lile zilijisifia kuwa nayo.

Hapa mtu wa Pwani ataninyooshea kidole: mbona sisi hatumo katika mafungu hayo mawili? Ni kweli. Sayyid Barghash wa Unguja alizaliwa na suria wa Kihabeshi, na hakuna aliyemwona pungufu ya Mwarabu kwa sababu hiyo. Kwetu nasaba ilifuata baba, rangi iwe yoyote. Hiyo ni asili, lakini ni asili inayopandisha, tofauti na ile ya Virginia iliyokuwa ikishusha. Mtu yuleyule angekuwa Mwarabu Unguja, mweusi Virginia, na Pernambuco wangesubiri kwanza waone ameshuka na mizigo mingapi. Naliacha hapo, lina hotuba yake.

Sasa, kwa nini?

Jibu mtakalolisikia sana, hasa Brazili kwenyewe, ni kwamba Wareno walikuwa na moyo laini, walichanganyika bila kinyongo. Mimi silikubali. Brazili ilipokea karibu watu milioni tano waliotekwa Afrika, zaidi ya mara kumi ya wale waliopelekwa moja kwa moja katika makoloni ya Kiingereza yaliyokuja kuwa Marekani, na ilihitaji wengi hivyo kwa sababu waliotangulia walikuwa wakifa haraka mashambani. Baadhi yao walitoka upande wetu huu, kupitia Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, na kule Rio waliitwa tu "Msumbiji", wawe Wamakua ama wengineo. Moyo laini hauonekani katika hesabu hizo. Na sheria za Ureno zilikuwa za asili, sawasawa na za wengine: zilidai usafi wa damu kwa vyeo vya serikali na vya Kanisa. Kwenye karatasi yule kapteni mkuu hakustahili cheo. Alipewa kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Na hapo ndipo penye sababu yenyewe. Ureno ilikuwa nchi ndogo iliyoshika pwani ndefu kupita kiasi. Waliovuka bahari walikuwa wachache, wengi wao wanaume bila wake. Kati ya bwana wa shamba na mtumwa kulikuwa na kazi tele ambazo bwana hakutaka kuzifanya na mtumwa hakuaminiwa kuzifanya. Nani achunge ng'ombe bara, mwendo wa wiki mbili kutoka nyumba ya bwana? Nani aongoze misafara ya nyumbu? Nani awe seremala, fundi cherehani, mpiga muziki kanisani, askari wa doria, mkamata watoro? Huko kusini mwa Marekani kazi hizo zilikuwa na wenyewe: weupe maskini, wengi, wenye wake na watoto, ambao hawakutaka kabisa kushindana na mweusi aliye huru. Brazili hao hawakuwapo wa kutosha. Kwa hiyo kazi zile zikashikwa na watu walioachwa huru na wana wao.

Na kuachwa huru kulikuwa na njia zake za kila siku. Mtumwa wa mjini, au wa machimbo ya dhahabu ya Minas Gerais, aliruhusiwa kufanya vibarua na kumletea bwana kiasi fulani kila wiki, kinachozidi akawa anakiweka. Baada ya miaka alijinunua, wakati mwingine kwa awamu kama sisi tunavyolipa viwanja. Wanawake walifaulu kuliko wanaume, watoto kuliko watu wazima, na waliochanganyika kuliko weusi waliozaliwa Afrika. Baba mwenye mali aliweza kumwacha huru mwanawe siku ya ubatizo kwa fedha kidogo mbele ya padri. Wengi hawakupata bahati hiyo, na mtoto wa mama mtumwa aliendelea kuzaliwa mtumwa mpaka sheria ya 1871. Hata hivyo, mwaka hadi mwaka, mfereji ule ulitiririka kwa zaidi ya karne mbili.

Tazameni ulipofikia. Sensa ya kwanza ya Brazili ni ya 1872, wakati utumwa bado upo. Ilihesabu watumwa milioni moja na nusu, na watu huru wenye asili ya Kiafrika zaidi ya milioni nne. Katika kila weusi na machotara wanne, takriban watatu walikuwa tayari huru, wengine kwa vizazi vitatu au vinne. Sasa chukueni Marekani ya 1860, miaka mitano kabla ya utumwa kufutwa: watumwa karibu milioni nne, walio huru hawafiki nusu milioni. Katika kila tisa, mmoja.

Kama huyo mmoja katika tisa ndiye anayeonekana barabarani, kusema "mweusi maana yake mtumwa" ni rahisi, na huyo mmoja utamchukulia kama kosa la kusahihishwa. Lakini wakiwa watatu katika wanne, kati yao yumo fundi wako wa viatu, daktari wa meno, sajenti, padri, na kapteni mkuu, mstari haupigiki. Ukitaka kuupiga kwa kufuata nasaba utaikata nusu ya mji, na huenda ukaikata pia familia ya mkeo. Kilichobaki ni kumtazama mtu mmojammoja na kumkadiria. Rangi ikawa ngazi yenye vidato vingi, na kila aliyepo katikati alikuwa na sababu ya kutafuta kidato cha juu na kutojifunga na wa chini yake. Wenye mashamba hilo liliwafaa sana. Mtu anayetumaini kupanda hajiungi na maasi ya walio chini.

Brazili ilifuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, nchi ya mwisho katika Amerika yote. Baada yake hazikuja sheria za mabehewa mawili na shule mbili kama Marekani. Hili watu hulipita haraka, nami naliona zito. Sheria ya kutenga inamlazimisha hakimu aseme Plessy ni nani. Ndipo sehemu ya nane na ya kumi na sita huingia vitabuni. Pasipo sheria hiyo, mahakama haina haja ya kujua. Brazili iliweza kubagua kwa karne nzima bila kufafanua inambagua nani, kwa sababu kazi hiyo ilifanywa na bawabu mlangoni, na bawabu hahitaji sheria, ana macho.

Badala ya kutenga, wakubwa wa Brazili walikuwa na mpango mwingine: kuwafifisha. Waliamini kwamba weusi, wakichanganywa na Wazungu wa kutosha, wataisha. Mwaka 1890 serikali ikatoa amri kwamba wahamiaji kutoka Afrika na Asia hawataingia bila idhini ya bunge, huku meli za Waitalia zikilipiwa nauli. Mwaka 1895 mchoraji Modesto Brocos akatoa picha ambayo inafaa kuielezea. Bibi mweusi, mkavu, amesimama pekupeku kwenye udongo, mikono ameinua juu anamshukuru Mungu. Pembeni binti yake, chotara, amekaa. Mapajani mwa binti kuna mtoto mweupe. Upande wa pili baba wa mtoto, mweupe, ametulia, anatabasamu. Vizazi vitatu, rangi tatu, na bibi anashukuru kwamba yeye atakwisha. Mwaka 1911 mkurugenzi wa Makumbusho ya Taifa ya Rio, João Batista de Lacerda, aliitumia picha hiyo kwenye hotuba yake London, kwenye mkutano wa kimataifa kuhusu mbari za watu, akatabiri kwamba katika karne moja machotara watakuwa wametoweka Brazili. Karne ilipotimia na kupita, sensa ya 2022 ikakuta kundi kubwa kuliko yote nchini ni lao: asilimia 45, mbele ya weupe wenye 43 na kitu.

Lakini fikra ile iliingia majumbani. Mpaka leo yapo maneno. Mwanamke aliyezaa watoto weupe kuliko yeye huambiwa ana tumbo safi. Nililisikia sokoni, likasemwa kwa upole, kama pongezi, na mama mwenyewe akashukuru.

Mwenye kuipanda ngazi hii mpaka juu kabisa ni Machado de Assis, mwandishi ambaye Wabrazili wenyewe humweka wa kwanza. Alizaliwa Rio mwaka 1839. Wazazi wa baba yake walikuwa wameachwa huru kutoka utumwani. Hakusoma chuo. Akafika kuwa rais wa kwanza wa Chuo cha Fasihi cha Brazili kilichoanzishwa 1897. Alipofariki mwaka 1908, karani akajaza cheti cha kifo. Jina, umri, mahali. Penye rangi akaandika: mweupe. Hakuna aliyetoa hongo. Rafiki mmoja alipomtaja kwenye gazeti kwa neno lile la uchotara, mkubwa mwingine, Joaquim Nabuco, ambaye maisha yake yote alipigania watumwa waachwe huru, aliandika kuomba neno hilo liondolewe. Kwake yeye Machado alikuwa Mgiriki.

Wabrazili wana msemo kwamba pesa hung'arisha. Ni kweli, ila mnisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wasomi wengi walipoteleza. Inang'arisha jina la mtu mmoja. Haijang'arisha kundi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba chotara wa Brazili ana mlango wa uani wa kupenyea, kwamba maisha yake yako katikati ya mweusi na mweupe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wasomi wawili, Carlos Hasenbalg na Nelson do Valle Silva, wakaketi na takwimu za serikali: mishahara, shule, kazi. Wakakuta wale wanaojiita pardo, ndilo neno la sensa kwa waliochanganyika, hawako katikati hata kidogo. Wako karibu kabisa na weusi, na pengo kati ya hao wote wawili na weupe ni kubwa. Pengo hilo halijazibwa: mwaka 2018 mfanyakazi mweupe alipata kwa wastani takriban asilimia 74 zaidi ya mweusi na pardo.

Kwa hiyo una nchi ambayo mdomoni ina rangi 130 na mfukoni ina mbili. Vyama vya watu weusi vililiona hilo, vikasema: basi tuhesabiwe pamoja. Sheria ya usawa wa mbari ya 2010 ikaliweka rasmi, kwamba wanaoitwa watu weusi katika mambo ya haki ni wale wanaojitaja weusi na wanaojitaja pardo. Mwaka 2012 ikaja sheria ya vyuo vikuu vya serikali kuu: nusu ya nafasi kwa waliosoma shule za umma, na ndani ya nusu hiyo fungu la weusi, pardo na wenyeji wa asili kulingana na idadi yao katika jimbo. Mwaka 2014 asilimia 20 ya ajira za serikali kuu zikatengwa.

Kapteni mkuu akageuka njia. Miaka 200 watu walipanda kwenda weupe; sasa, kwa mara ya kwanza, kulikuwa na sababu ya kushuka. Mfano mnaoujua nyote ni Neymar. Mwaka 2010, akiwa na miaka 18, aliulizwa na gazeti kama amewahi kubaguliwa. Akajibu hapana, kwani yeye si mweusi. Mwaka 2020, baada ya kudai kwamba ametukanwa tusi la rangi uwanjani Ufaransa, aliandika kwamba yeye ni mweusi, mwana wa mweusi, mjukuu na kitukuu wa mweusi. Msimcheke. Sikilizeni lugha yake: safari ya kwanza aliongea kwa alama, safari ya pili aliongea kwa asili. Miaka saba ya kuishi Ulaya inatosha kumfundisha mtu hesabu ya watu wengine.

Sasa tatizo la serikali. Ukitenga nafasi kwa weusi katika nchi isiyo na mstari, itabidi mtu aketi aupige. Chuo Kikuu cha Brasília kilianza kutenga nafasi mwaka 2004, na kilitumia picha: mwombaji anapigwa picha, jopo linaamua. Mwaka 2007 wakaomba mapacha wanaofanana, wa yai moja. Jopo likamkubali mmoja kuwa mweusi, likamkataa mwenzake. Magazeti yalisherehekea wiki nzima. Chuo kikaangalia tena rufaa, kikaachana na picha, kikaanza mahojiano ya ana kwa ana.

Wapinzani wakasema tumieni vinasaba. Kundi la mtaalamu Sérgio Pena wa Minas Gerais lilikuwa limeonyesha tayari kwamba hilo halina msaada, kwani kwa Mbrazili mmoja mmoja, rangi ya ngozi haikuambii kwa uhakika ni kiasi gani cha wahenga wake walitoka Afrika. Mwaka 2007 watu maarufu kadhaa walipimwa, mmoja wao mwimbaji wa samba Neguinho da Beija-Flor. Jina hilo la kisanii maana yake ni Kijana Mweusi wa Beija-Flor, ambalo ni kundi lake la samba, na ukimwona hutauliza kwa nini. Vipimo vikasema asilimia 67 ya wahenga wake ni wa Ulaya. Yuko wapi bawabu ambaye angemfungulia mlango kwa asilimia 67?

Nadhani hicho ndicho kilichowasaidia Wabrazili kukata shauri. Kama anayembagua mtu hutumia macho, basi anayempa haki naye atumie macho. Kanuni ya 2018 kuhusu ajira za serikali ilieleza hatua kwa hatua. Jopo lilikuwa la watu watano, waliochanganywa jinsia, rangi na mahali walikotoka. Mwombaji alikuja mwenyewe, akarekodiwa kwa video. Alitazamwa kwa mwonekano wake tu, kama alivyo siku hiyo: ngozi, nywele, sura. Jopo liliamua kwa wingi wa kura, yeye akiwa ametoka. Aliyekataliwa alikuwa na haki ya kukata rufaa mbele ya jopo jingine. Na walipokuwa na shaka, neno la mwombaji mwenyewe ndilo lililosimama.

Kanuni ile ilikataza jambo moja kwa uwazi: nyaraka za nyuma hazikupokelewa, ziwe picha au vyeti. Mfano wa kawaida ni huu. Anaingia kijana mwenye ngozi ya maji ya kunde iliyofifia na nywele zilizolala. Amejitaja pardo, na kwake si uongo, hivyo ndivyo walivyoandikwa nyumbani kwao siku zote. Chini ya kwapa ana bahasha. Ndani mna picha ya bibi yake, mweusi kabisa, na cheti cha ubatizo cha baba wa bibi kinachosema mama yake alikuwa mtumwa. Virginia bahasha hiyo ingetosha kumfukuza shule ya weupe. Hapa mwenyekiti wa jopo anamwomba kwa adabu aiweke chini, akae sawa mbele ya kamera, na asogee kidogo kwenye mwanga.